Asilimia 15 ya Walioitika: Matokeo ya Utafiti Yanasimama au Yanaanguka?

Katika kazi ya kuhakiki makala za kitaaluma nimekutana mara nyingi na sentensi mbili zinazofanana kwa uvivu wake. Ya kwanza huandikwa na mhakiki: kiwango cha majibu ni kidogo mno, kwa hiyo matokeo hayawezi kuwasemea watu wote. Ya pili huandikwa na waandishi wenyewe katika sehemu ya mapungufu: sampuli yetu ilitokana na watu waliopatikana kwa urahisi, kwa hiyo matokeo yatazamwe kwa tahadhari. Ya kwanza inahukumu bila kupima, na ya pili inakiri tatizo bila kulishughulikia, kwa sababu aya inayofuata huendelea kusema kwamba wauguzi, au walimu, au vijana, wako hivi na vile, kana kwamba wote walihojiwa. Msomaji anayetaka kujua kama aamini hitimisho hasaidiwi na yeyote kati ya hao wawili.

Nimefikia msimamo kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Hatuwezi kuuliza kama utafiti umeharibiwa na uchache wa majibu, kwa sababu utafiti mmoja hutoa madai mengi, na uchache uleule wa majibu unaweza kuliangusha dai moja na kuliacha jingine limesimama wima. Tunachopaswa kupima ni dai moja baada ya jingine, na kila mara swali ni hili: je, sababu zilizomfanya mtu aitikie au asiitikie zinahusiana na kile kinachopimwa katika dai hili?

Nitaeleza kwa mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi, kisha nitaupeleka kwenye tafiti halisi. Tuseme watafiti wametuma hojaji kwa wauguzi 4,000 walio katika rejista ya mwajiri mmoja mkubwa, wakitaka kujua wangapi wana uchovu wa kazi wa kiwango cha juu. Wanaitikia wauguzi 600, yaani asilimia 15. Kati yao 240 wana uchovu huo, na makala inatangaza kwamba asilimia 40 ya wauguzi wamechoka kupita kiasi.

Hatua ya kwanza ninayofanya ni kuuliza data yenyewe inasema nini bila dhana yoyote ya ziada. Wauguzi 3,400 hawakujibu. Ikiwa hakuna hata mmoja wao aliyechoka, basi wachovu ni 240 kati ya 4,000, yaani asilimia 6. Ikiwa wote wamechoka, wachovu ni 3,640, yaani asilimia 91. Hakuna anayeamini ncha yoyote ya mipaka hiyo, lakini kuiandika kunaonyesha wazi kwamba kila kitu kinachobaki kati ya 6 na 91 kinatokana na dhana ya mtafiti kuhusu walionyamaza. Ukisema asilimia 40, umedhani kwamba walionyamaza wanafanana na waliosema.

Hatua ya pili ni kubadilisha dhana hiyo kidogo, kwa namna inayoweza kuaminika. Tuseme mwaliko ulikuwa na kichwa kilichotaja uchovu wa kazi waziwazi, na muuguzi aliyechoka aliona hapa pana nafasi ya kusikilizwa, hivyo wachovu wakaitikia kwa kiwango mara mbili ya wenzao. Hesabu inatoka bila kubaki: wachovu 1,000 walioitikia kwa asilimia 24 wanatoa 240, na wasio wachovu 3,000 walioitikia kwa asilimia 12 wanatoa 360. Majibu ni yaleyale 600, lakini ukweli ni asilimia 25, wala si 40. Sasa geuza dhana: wachovu hawana nguvu ya kujaza hojaji nyingine tena, na wanaitikia kwa nusu ya kiwango cha wenzao. Hapo ukweli unakuwa karibu asilimia 57. Data haikubadilika hata kidogo, lakini jibu limetembea kutoka robo ya wauguzi hadi zaidi ya nusu.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba asilimia 15 yenyewe haikuamua ukubwa wa kosa. Upendeleo katika wastani wa waliojibu ni zao la vitu viwili: sehemu ya watu ambao hawakujibu, na tofauti kati ya waliojibu na wasiojibu katika jambo linalopimwa. Kiwango cha majibu kinakupa cha kwanza tu. Ikiwa tofauti ni sifuri, hata asilimia 5 ya majibu haitaleta upendeleo. Ikiwa tofauti ni kubwa, hata asilimia 70 haitakuokoa. Kiwango kidogo huongeza nafasi ya kosa kuwa kubwa, na hilo si jambo dogo, lakini hakikuambii kama kosa limetokea.

Hili halikubaki nadharia. Mwaka 1997 kituo cha utafiti wa maoni cha Pew nchini Marekani kilifanya uchunguzi wa simu kwa njia mbili, kwa maswali yaleyale. Mmoja ulifanywa kwa siku chache tu na kupata kiwango cha majibu cha karibu asilimia 36; mwingine uliendelea kwa wiki kadhaa, kwa kuwapigia watu tena na tena, na kufika karibu asilimia 61. Scott Keeter na wenzake walipolinganisha majibu, tofauti ya wastani ilikuwa kama pointi mbili za asilimia. Mwaka 2008 Robert Groves na Emilia Peytcheva walichapisha uchambuzi wa tafiti 59 zilizokuwa na njia ya kupima upendeleo wa wasiojibu, na wakakuta kwamba kiwango cha majibu kilitabiri upendeleo kwa udhaifu sana. Lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba walikuta upendeleo ukitofautiana sana ndani ya utafiti mmoja, kati ya swali na swali. Kiwango cha majibu ni kimoja kwa utafiti mzima; ikiwa baadhi ya maswali yake yamepotoka na mengine hayakupotoka, basi namba hiyo moja haiwezi kuwa ndiyo inayoeleza.

Hata hivyo, sipendi matokeo hayo yatumiwe kama ruhusa ya jumla. Wapo waandishi wanaoyataja kwa sentensi moja ili mhakiki anyamaze, kisha wanaendelea. Kwamba upendeleo hauonekani katika maswali mengi ya kawaida hakumaanishi kwamba hauonekani katika swali lako, hasa pale ambapo jambo unalolipima ndilo lililomfanya mtu aitikie. Mwaka 2021 tuliona mfano mkubwa wa aina hiyo. Uchunguzi wa Delphi-Facebook nchini Marekani ulikuwa ukipata majibu ya watu wazima wapatao 250,000 kila wiki, na ule wa Household Pulse wa ofisi ya sensa ulipata wapatao 75,000 kwa kila awamu. Chanjo ya ugonjwa wa UVIKO-19 ilipokuwa ikitolewa, takwimu rasmi za waliochanjwa zilikuwepo, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuona nani amepatia. Kufikia Mei 2021, wa kwanza ulikuwa umezidisha idadi ya waliopata angalau dozi moja kwa pointi 17, na wa pili kwa pointi 14. Uchunguzi wa Axios-Ipsos, wenye watu kama elfu moja tu, ulikuwa karibu zaidi na ukweli.

Valerie Bradley na wenzake, waliochapisha uchambuzi huo katika jarida la Nature, walionyesha kwamba kwa swali hilo majibu hayo robo milioni yalikuwa na thamani sawa na sampuli ya bahati nasibu ya watu kama kumi. Wingi wa majibu uliifanya mipaka ya makosa iwe myembamba sana, lakini ilikuwa imezunguka namba isiyo sahihi. Wachunguzi hawakukosa kuweka uzani, yaani kuyapa uzito zaidi majibu ya makundi yaliyopungua katika sampuli. Uzani wa Delphi-Facebook ulisawazisha umri na jinsia, lakini haukusawazisha elimu, nayo elimu ilihusiana na kuitikia hojaji na pia na kupokea chanjo. Uzani hurekebisha kile tu ulichokiweka ndani yake. Na hata ukiweka kila sifa iliyomo kwenye sensa, bado inawezekana kwamba kati ya watu wawili wa umri mmoja na elimu moja, yule mwenye imani na taasisi ndiye anayejibu na ndiye anayechanjwa.

Hadi hapa nimezungumzia madai ya kiwango: ni asilimia ngapi, ni wangapi. Madai ya uhusiano yanahitaji kupimwa kwa namna nyingine, na hapa ndipo wahakiki wengi hukosea kwa ukali kupita kiasi. Turudi kwa wauguzi. Tuseme ukweli ni ule wa asilimia 25, na kwamba nusu ya wauguzi hufanya zamu za usiku. Kati ya 2,000 wa usiku, 700 wamechoka, yaani asilimia 35; kati ya 2,000 wa mchana, 300 wamechoka, yaani asilimia 15. Wachovu wanaitikia kwa asilimia 24 na wengine kwa asilimia 12, bila kujali zamu. Watafiti watapata wa usiku 324, kati yao 168 wachovu, karibu asilimia 52. Na wa mchana 276, kati yao 72 wachovu, karibu asilimia 26. Asilimia zote mbili ni potofu, na kwa kiasi kikubwa. Lakini sasa gawanya wachovu kwa wasio wachovu ndani ya kila zamu, kisha linganisha uwiano wa usiku na ule wa mchana. Katika wauguzi wote 4,000 jibu ni karibu 3.05, na katika wale 600 walioitikia jibu ni 3.05 vilevile. Uitikiaji ulipendelea wachovu mara mbili katika zamu zote, kwa hiyo katika mgawanyo huo upendeleo ulijifuta wenyewe.

Dai la kwanza la makala, kwamba asilimia 40 wamechoka, limeanguka. Dai la pili, kwamba zamu za usiku zinakwenda pamoja na uchovu, limesimama likipimwa kwa uwiano huo. Ni data ileile na kiwango kilekile cha majibu.

Lakini kusimama huko kuna sharti, nalo ni kwamba zamu na uchovu havikushirikiana katika kumfanya mtu aitikie. Tuseme wachovu wa zamu za mchana waliitikia kwa asilimia 24 kama kwanza, ila wachovu wa usiku, ambao muda wa kupumzika ni haba, waliitikia kwa asilimia 12 tu. Wachovu wa usiku katika data wanakuwa 84 badala ya 168, na uwiano unashuka kutoka 3.05 hadi karibu 1.53. Uhusiano mzito umeonekana mwepesi. Kwa mpangilio mwingine wa kuitikia, uhusiano usiokuwepo kabisa unaweza kuzaliwa ndani ya sampuli, kwa sababu tu sifa zote mbili zinachuja nani anaingia. Gareth Griffith na wenzake waliandika mwaka 2020 kuhusu hatari hiyo katika tafiti za UVIKO-19, ambako waliopimwa walikuwa ama wagonjwa wa dalili kali ama wahudumu wa afya: ndani ya kundi lililochujwa namna hiyo, kazi ya mtu na ukali wa ugonjwa wake vinaweza kuonekana vinahusiana kwa sababu ya mchujo peke yake.

Mfano halisi ninaoupenda kuliko yote ni UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya za watu waliojitolea. Kati ya 2006 na 2010, watu wapatao milioni 9.2 wa umri wa miaka 40 hadi 69 nchini Uingereza, Uskoti na Welisi walialikwa, na wapatao nusu milioni walishiriki, yaani karibu asilimia 5.5. Kwa kanuni ya mhakiki wetu wa sentensi moja, hifadhi hiyo yote ingetupwa. Uchambuzi wa Anna Fry na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba washiriki wana uwezekano mdogo zaidi wa kuvuta sigara na wa kuwa na unene uliozidi, na wanaishi katika maeneo yenye ufukara mdogo kuliko wastani. Katika umri wa miaka 70 hadi 74, vifo vyao vilikuwa chini ya vile vya watu wote kwa karibu asilimia 46 kwa wanaume na 56 kwa wanawake. Anayeitumia hifadhi hiyo kukadiria ni Waingereza wangapi wana ugonjwa fulani atakosea, na atakosea kwa upande unaojulikana.

Ila mwaka 2020 David Batty na wenzake walilinganisha uhusiano kati ya visababishi na vifo katika UK Biobank na ule uliopatikana katika tafiti za afya za Uingereza na Uskoti, zilizokuwa na sampuli wakilishi na kiwango cha majibu cha karibu asilimia 68. Mwelekeo wa uhusiano, kama ule wa sigara na vifo vya moyo, ulifanana kwa sehemu kubwa, ingawa ukubwa wake haukuwa sawa kila mahali. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba UK Biobank haina uwakilishi amesema kweli, na mtu anayeitumia kupima kama sigara inadhuru moyo hajafanya kosa. Kosa litakuwepo pale mtafiti anapochunguza uhusiano kati ya vitu viwili ambavyo vyote vinamsukuma mtu kushiriki, kwa mfano elimu na tabia ya kujali afya, bila kufikiri kuhusu mchujo huo.

Sasa msomaji aliyeshika makala ya wauguzi atajuaje upande gani mambo yamekwenda, wakati wasiojibu wamenyamaza? Mimi hutafuta alama chache, na naziamini kwa viwango tofauti.

Alama dhaifu kuliko zote ndiyo inayotolewa mara nyingi kuliko zote: jedwali linaloonyesha kwamba waliojibu wanafanana na rejista kwa jinsia na umri. Kufanana huko kunafariji tu ikiwa jinsia na umri vinahusiana kwa nguvu na uchovu. Afadhali zaidi ni kitu kilichomo kwenye rejista kilicho karibu na jambo lenyewe, kwa mfano wastani wa siku za likizo ya ugonjwa. Mwajiri anaweza kutoa wastani wa wauguzi wote 4,000 bila kufichua siri ya yeyote, na ikiwa walioitikia walikuwa na siku nyingi zaidi za ugonjwa kuliko wastani huo, basi tumepata dokezo zito kwamba wachovu wamezidi katika data.

Ya pili ni mpangilio wa majibu kwa muda. Tuseme majibu 300 yalifika kabla ya ukumbusho wowote, 180 baada ya ukumbusho wa kwanza, na 120 baada ya wa pili, na wachovu walikuwa 138, 67 na 35 kwa mpangilio huo. Kiwango kinashuka kutoka asilimia 46 hadi 37 hadi 29. Waliohitaji kusukumwa wamechoka kidogo kuliko waliokimbilia kujibu, na inaelekea wasiojibu kabisa wako chini zaidi. Nasema inaelekea, kwa kuwa aliyechelewa kujibu si lazima afanane na ambaye hatajibu kamwe. Mteremko huo unaonyesha upande wa upendeleo kuliko kiasi chake. Makala nyingi zina tarehe za majibu na haziripoti hesabu hii, ingawa haigharimu chochote, na mimi huiomba kila mara.

Ya tatu, na yenye nguvu zaidi, ni kurudi kwa wasiojibu wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kuwauliza swali moja tu, kwa njia nyingine, kwa mfano simu. Wakichaguliwa 100 na wakapatikana 70, tayari unajua kuhusu wale 3,400 mengi kuliko hojaji nyingine elfu za mtandaoni zingeweza kukuambia.

Sampuli ya waliopatikana kwa urahisi ni ngumu zaidi kupima, kwa sababu mara nyingi haina idadi ya walioalikwa. Kiungo kikiwekwa kwenye makundi ya WhatsApp na kusambazwa, hakuna 4,000 ya kugawanyia, wala rejista ya kulinganishia, na mwandishi anayetaja kiwango cha majibu katika hali hiyo ametaja namba isiyokuwepo. Ikiwa dai lake ni la kiwango, silikubali bila takwimu ya nje ya kulinganishia. Ikiwa ni jaribio ambamo washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, tofauti kati ya makundi ni halali ndani ya sampuli hiyo, na kinachobaki ni kuuliza kama athari inategemea sifa ambayo sampuli imeikosa. Jaribio la jinsi jicho linavyotambua rangi, likifanywa kwa wanafunzi wa chuo, linanitia wasiwasi mdogo. Jaribio la jinsi watu wanavyopokea ushauri wa kustaafu, likifanywa kwa wanafunzi haohao, linanitia wasiwasi mkubwa, kwa kuwa umri ambao haumo ndio unaotarajiwa kubadilisha athari.

Makala ya wauguzi ingefika mezani kwangu, singependekeza ikataliwe. Ningeomba mambo manne: maneno kamili ya mwaliko, mgawanyo wa uchovu kwa awamu za ukumbusho, wastani wa siku za ugonjwa wa rejista nzima, na jedwali la zamu kwa uchovu likiwa na idadi badala ya asilimia peke yake. Ningeomba pia sentensi ya asilimia 40 iondoke kwenye muhtasari, na mahali pake waandike kwamba 240 kati ya waliojibu 600 walikuwa na uchovu wa kiwango cha juu, kwamba kwa wauguzi wote 4,000 kiwango kingeweza kuwa kati ya asilimia 25 na 57 ikiwa wachovu waliitikia kwa mara mbili au kwa nusu ya wenzao, na kwamba kushuka kwa kiwango kati ya awamu kunaelekeza kwenye upande wa chini. Uhusiano wa zamu na uchovu ningeuacha ulipo, kwa sharti kwamba waonyeshe kama wachovu wa usiku walihitaji ukumbusho mwingi kuliko wachovu wa mchana.